Sentensi Mbili za Mama Bilha

Dorothea Komba alikuwa na kazi ambayo watu wengi hawakujua kama ni kazi. Watu walikaa mbele ya ukumbi, wanne au watano, wakajadili jambo kwa saa nzima na zaidi, na maneno yao yakarekodiwa. Yeye, ambaye hakuwepo ukumbini, alitumiwa rekodi hiyo nyumbani ili aeleze kwa sentensi moja au mbili kila mzungumzaji alikuwa akitetea nini hasa. Wasiokuwa na nafasi ya kusikiliza mjadala mzima, nao ndio wengi, walisoma ukurasa wake tu.

Aliishi peke yake Falls Church, Virginia, kwenye ghorofa za kupanga karibu na barabara ya Route 7. Alitoka Mbinga, akasomea uhazili Tabora, akaja Marekani na mumewe, Damian, aliyekuwa dereva ubalozini. Damian alikufa kwa ugonjwa wa figo. Mtoto wao wa pekee alihamia Texas kwa ajili ya kazi, akawa anapiga simu Jumapili anapokumbuka. Majirani wa Dorothea walikuwa watu wema wa kusalimia kwenye lifti, wengine kutoka Ethiopia, wengine kutoka El Salvador, na salamu ilikwisha mlango wa lifti ulipofunguka.

Kwa hiyo sauti nyingi alizozisikia kwa wiki zilitoka kwenye vifaa vya masikioni. Aliwajua watu kwa sauti zao: nani humeza mate kabla ya kusema uongo kidogo, nani husema "kwa kifupi" kisha akaongea robo saa. Wakati mwingine, akikutana nao kwenye sherehe ya Umoja, chama cha Watanzania na Wakenya wa upande wa Lanham na Greenbelt, alitaka kumwambia mtu, "Nilifurahi ulipomjibu yule bwana." Kisha alikumbuka kwamba mtu huyo hamjui kabisa, akaenda kuchukua sahani.

Kazi aliifanya kwa kanuni alizojitungia mwenyewe. Hakuandika kamwe kwamba mtu "alizungumzia afya" au "aligusia elimu", kwa sababu mada si hoja. Alijiuliza: mtu huyu anataka tukubali nini? Jibu likawa sentensi ya kwanza. Na kwa nini tukubali? Hiyo ikawa ya pili, kama ilihitajika. Mifano, mizaha na takwimu alivipita, maana vilikuwa nguzo tu; alichokitafuta ni paa zililolibeba. Hakumpa aliyesema sana nafasi kubwa kuliko aliyesema kidogo. Na kama mzungumzaji aliweka sharti, "ikiwa", "isipokuwa", "kama tu", alihakikisha sharti hilo halidondoki njiani.

Mwanzoni mwa majira ya baridi, Umoja ulifanya mjadala kanisani Lanham juu ya jambo lililokuwa likiwasumbua wanachama: wazazi wetu waliozeeka, tuwalete huku au tuwatunze nyumbani? Mkutano mkuu ungeamua chama kianzishe mpango gani, na wanachama wangepelekewa ukurasa mmoja wa kusoma kabla ya kupiga kura. Katibu wa Umoja, Queen, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyezaliwa Mwanza na kukulia Maryland, alimtumia Dorothea rekodi pamoja na maandishi yaliyotolewa na programu ya kompyuta.

"Aunti, naihitaji Ijumaa," alisema kwenye simu. "Transkripti imetoka vizuri, haitakutesa."

Haikuwa imetoka vizuri. Programu ile ilikijua Kiingereza kwa nafuu na Kiswahili kwa kubahatisha, na wazungumzaji walichanganya vyote viwili katika sentensi moja. Mahali pengine iliandika "haisikiki". Mahali pengine ilimpa mtu mmoja maneno ya mwenzake.

Wazungumzaji walikuwa wanne. Elkanah, muuguzi Mkenya anayesimamia nyumba ya kutunzia wazee Greenbelt, aliongea kwa mpangilio, na Dorothea alimmaliza upesi: "Bwana Elkanah alisema wazazi watunzwe nyumbani na mlezi aliyefunzwa kazi hiyo, kwa sababu mzee, hasa anayeanza kusahau, huzidiwa akiondolewa mahali anapopafahamu." Wa pili, Sebastian, Mtanzania wa Falls Church anayefanya kazi ya kompyuta, alimpinga. "Bwana Sebastian alisema wazazi waletwe, kwani kutuma fedha si kutunza, na wajukuu wanaokua huku wanahitaji babu na bibi ili wasipoteze lugha." Wa tatu alikuwa Chepkoech, mwanasheria wa mambo ya uhamiaji. Wa nne alikuwa Mama Bilha, bibi wa Kiluhya kutoka Malava, Kenya, aliyeletwa Lanham na mwanawe Christopher, makamu mwenyekiti wa Umoja.

Sauti ya Mama Bilha ilipoanza, Dorothea aliisimamisha.

Ilikuwa sauti nyembamba yenye mkwaruzo mwishoni, kama mtu anayeongea huku ameinama kuchochea moto. Mama yake Dorothea aliongea hivyo. Alizikwa Mbinga mwaka ambao Damian alikuwa akisafishwa figo mara kadhaa kila wiki, na Dorothea hakuweza kumwacha mgonjwa akaenda kuzika. Alijaribu kuanza tena, akasikia maneno matatu, akazima. Akavua vifaa vya masikioni na kuyasoma maneno ya Mama Bilha kwenye maandishi ya programu. Kwa kuwa muda ulikuwa unakimbia, sehemu ya maswali na majibu pia aliisoma tu.

Maandishi yalionyesha bibi mwenye shukrani. Alimshukuru mwanawe, akamshukuru mkwewe, akasema chakula kipo, joto lipo, dawa zipo. Akaeleza habari ya friji, na kwenye mabano programu ikaandika kwamba watu walicheka. Dorothea akaandika: "Mama Bilha alimshukuru mwanawe na mkwewe, akasema ametunzwa vizuri tangu alipoletwa Marekani."

Kabla ya kukabidhi, Dorothea alikuwa na desturi ya kuwaonyesha wazungumzaji alichowaandikia. Hakuwapa ruhusa ya kubadili walichosema. Aliuliza tu kama amewaelewa. Elkanah alijibu kwa barua pepe ndefu, akitaka asilimia zake zote ziingie. Dorothea alimwandikia kwa upole kwamba zimo kwenye rekodi, na kwamba kila mtu amepewa nafasi ileile. Sebastian alituma alama ya dole gumba. Chepkoech alipiga simu.

"Umeniandikia vizuri, dada, lakini kuna neno moja limeanguka. Umesema mtoto anayeishi huku anaweza kumwombea mzazi makazi. Nilisema mtoto aliye raia wa Marekani. Mwenye kadi ya ukaazi peke yake hawezi. Watu watasoma hapo waanze kujaza makaratasi bure."

Dorothea alirudi kwenye rekodi, akalisikia neno "raia" lilivyotamkwa wazi, akaona aibu. Akaandika upya: "Wakili Chepkoech alisema uamuzi uanzie kwenye sheria: ni mtoto aliye raia na aliyefikisha umri wa miaka ishirini na moja tu anayeweza kumwombea mzazi makazi. Alionya kwamba kupata kadi ya ukaazi si kupata bima ya afya ya wazee papo hapo, hivyo familia ijue nani atalipia matibabu kabla ya kumleta mtu."

Mama Bilha hakuwa na barua pepe. Queen alitoa namba ya simu ya nyumbani, na Dorothea alipiga mchana, saa ambayo hata yeye mwenyewe hakuwahi kupigiwa.

Simu ilipokelewa kwa mnong'ono. "Halo?"

"Shikamoo, Mama. Naitwa Dorothea, napiga kutoka Umoja."

"Marahaba." Yule bibi alicheka kidogo, bado kwa mnong'ono. "Wewe ni wa Tanzania. Kwetu hatukuwa na shikamoo, nimeijulia hapa kanisani. Ngoja niingie kwa choo, bibi ya kijana wangu, huyu mke wake, amelala."

Mlango ulifungwa. Sauti ikapanda kidogo, ikapata mwangwi wa vigae. Dorothea akaeleza shida yake na kumsomea ile sentensi.



"Hayo nilisema," Mama Bilha akasema.

"Kwa hiyo ni sahihi, Mama?"

"Nilisema. Lakini sikupanda pale mbele kwenda kusema hayo. Hayo yalikuwa ya kubisha hodi. Mtu akienda kwa boma ya watu, si anabisha kwanza? Sasa wewe umeandika vile nilibisha. Na nikishaingia ndani, hukunisikia?"

Dorothea alishika kalamu. "Basi niambie sasa, Mama. Niambie ulichotaka kusema, nikiandike."

"Apana. Si mlikuwa mnashika sauti na mashini? Nilisema mbele ya watu wote. Nikikuambia sasa kwa choo, watasema ni wewe umenifundisha. Sikiliza, mwanangu. Enda usikilize."

Dorothea alikaa na simu mkononi baada ya kukata. Dirishani maegesho yalikuwa matupu, watu wote wameenda kazini. Kisha akavaa vifaa vya masikioni, akarudisha rekodi mpaka mahali alipokuwa ameizima, na safari hii akaiacha iende.

Ilimchukua mchana mzima, maana mara ya kwanza hakusikia maneno ila sauti tu, na macho yalimjaa. Mara ya pili alisikia maneno.

Mama Bilha alikuwa ameshukuru kwanza, kweli, kwa heshima zote. Kisha kukawa na kimya, ambacho programu haikukiandika kwa sababu programu haiandiki vimya. Halafu akasema, "Sasa wacha niwaambie vile siku inaenda." Kijana wake hutoka alfajiri. Mkewe hufanya kazi hospitali usiku, na mchana analala, na ni haki yake alale. Watoto wako shule, na wakirudi, ukiwauliza jambo kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kizungu na kwenda juu. "Mimi natembea kwa nyumba na soksi nisimwamshe mtu. Friji nafungua polepole, nafunga polepole, mpaka nimekuwa kama mwizi kwa nyumba ya kijana wangu." Hapo watu walicheka, kicheko kikubwa cha ukumbi mzima, na chini ya kicheko hicho Mama Bilha alikuwa bado anaongea. Maandishi yalisema "haisikiki". Dorothea alipunguza mwendo wa rekodi, akabana vifaa masikioni kwa viganja, akasikia: "Mnacheka. Ni sawa, mcheke. Hata mimi ningetaka kucheka, lakini ningecheka na nani?"

Akaendelea mpaka sehemu ya maswali. Mwongoza mjadala, Kipngetich, aliuliza kila mmoja kwa ufupi: waje au wabaki? Kwenye maandishi, chini ya jina la Chepkoech, kulikuwa na majibu mawili. La kwanza lilihusu makaratasi. La pili Dorothea aliliona wiki hiyo akalipita, akidhani mwanasheria anasimulia maneno ya wateja wake. Sasa alilisikia, na mkwaruzo ule mwishoni ulimtoa shaka. Wanawake wale wawili walikuwa wakitumia kipaza sauti kimoja, na programu ikawafanya mtu mmoja.

"Nyinyi mnauliza tuje ama tubaki," Mama Bilha alisema. "Hiyo si ya kwanza. Ulizeni kwanza, mchana tutakuwa na nani. Hata kule nyumbani unaweza kuwekewa msichana wa kazi, naye ako kwa simu yake, na wewe ukae hivyo tu. Kama hakuna mtu mchana, hapa na pale ni mamoja."

Dorothea alisimamisha rekodi. Hakukuwa na sauti yoyote chumbani isipokuwa mashine ya joto. Alitazama saa kwenye kona ya kompyuta, akaona ni saa tisa, na kwamba tangu asubuhi hakuna mtu aliyemwambia neno isipokuwa yule bibi wa chooni.

Akafuta sentensi ya zamani. Aliandika, akafuta neno "upweke" kwa sababu Mama Bilha hakulitamka, akaandika tena:

"Mama Bilha alisema swali la kwanza si wazazi waje au wabaki, bali nani atakuwa nao mchana wakati watoto wako kazini na wajukuu shuleni. Alisema mzazi anaweza kupewa kila kitu na bado akakosa mtu wa kukaa naye, hapa Marekani na hata nyumbani."

Kesho yake alipiga tena na kumsomea. Mama Bilha, chooni, alisikiliza mpaka mwisho.

"Eh," akasema. "Hapo umeingia ndani."

Kisha, badala ya kukata simu, akauliza, "Na wewe umekula?"

Dorothea hakukumbuka ni lini aliulizwa swali hilo mara ya mwisho. Akasema bado. Mama Bilha akamwambia aende ale, kisha ampigie tena amwambie amekula nini.

*

Queen alifanyia kazi katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, Lanham, katikati ya masanduku ya nguo za msaada na viti vilivyopangwa kwa kupandana. Dorothea aliendesha gari kupitia barabara kuu ya Beltway kumpelekea ukurasa mkononi, kwa sababu Queen alikuwa ameandika ujumbe mfupi: "Aunti tuongee kuhusu ya mwisho."

"Hizi tatu ziko poa," Queen alisema. "Lakini hii ya Mama Bilha umei-change kabisa. Draft ya kwanza ilikuwa nzuri, ya kishukurani. Chris ataisoma hii aone tumemwanika. Ni makamu mwenyekiti, Aunti."

"Hakuna neno baya juu ya Christopher hapo."

"Hamna, lakini kila mtu anajua ni mama wa nani. Turudishe basi zile shukrani, iwe sentensi ya tatu."

"Hakuna mwenzake mwenye zaidi ya mbili," Dorothea alisema. "Na Sebastian naye alimshukuru mkewe mwanzoni. Mbona hatukuandika?"

"Kwa sababu siyo point yake."

"Ndiyo hivyo."

Queen alitabasamu bila kutaka, kisha akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwepo, Aunti. Nilikaa nyuma kabisa. Sikusikia haya. Nilisikia bibi anachekesha watu. Una hakika si wewe umeyasikia kwa sababu, you know..." Hakumalizia. Aliangalia pete ya ndoa ya Dorothea, ambayo bado ilikuwa kidoleni.

Neno lilimchoma, hasa kwa sababu Dorothea alikuwa amejiuliza swali hilohilo njia nzima. Alifungua kompyuta yake ndogo, akaweka rekodi mahali pa friji, akampa Queen vifaa vya masikioni. Kisha akaenda kusimama dirishani asimwangalie usoni.

Queen alisikiliza. Alirudisha, akasikiliza tena. Dorothea alimwonyesha sehemu ya maswali, akasikiliza na hiyo. Alipovua vifaa, nywele zake zilikuwa zimevurugika, na hakuzigusa.

"Mama yangu yuko Mwanza," alisema. "Nimemwekea dada wa kazi."

Baada ya hapo akaweka karatasi kwenye mashine na kuchapisha nakala za wanachama wote.

*

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada. Watu walisoma ukurasa ule wakiwa na vikombe vya chai mkononi, na ubishi ukaanza kabla hata ya ajenda kufunguliwa. Elkanah na Sebastian walishikana kwa hoja kama siku ile. Lakini mama mmoja aliyekaa katikati akasimama na kusema kwamba amesoma hoja nne zote, na kwamba zile tatu zinaweza kungoja, hii ya mwisho haingoji. Wakabishana sana. Mwishowe wakakubaliana, si wote, kwamba ukumbi ule wa kanisa, ambao hukaa mtupu katikati ya wiki, ufunguliwe Jumatano mchana kwa wazee, na wanachama wenye magari wapokezane kuwaleta.

Christopher alikuwa mtu mkubwa mwenye mabega ya kubeba, na ukurasa ule ulikuwa mdogo mkononi mwake. Watu walipokuwa wanatoka alimfuata Dorothea mpaka kwenye gari.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ni mimi. Maneno ni ya Mama."

"Najua ni ya Mama. Nilikuwepo." Alitazama upande wa barabara. "Nilikaa mbele. Hiyo ya friji, mimi ndiye nilianza kucheka."

Dorothea alimshika mkono tu, akauachia.

Wiki zilizofuata Mama Bilha alimpigia simu karibu kila mchana. Mkewe Christopher alikuwa ameambiwa, akahamishia kitanda chake chumba cha chini, kwa hiyo Mama Bilha hakuongea tena chooni. Aliongea jikoni kwa sauti yake kamili, huku akifunga mlango wa friji kwa makusudi ili Dorothea asikie. Walizungumza habari za mahindi ya kuchoma na ya kuchemsha, na za Malava na Mbinga, wakagundua kwamba kote huko mvua hujitangaza kwa harufu. Mama Bilha alitaka kujua Damian alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Watu huuliza alikufa na nini. Dorothea alijikuta akisimulia jinsi alivyokuwa akipiga honi mara mbili akifika nyumbani, ingawa ufunguo alikuwa nao.

Siku moja Mama Bilha alisema, "Kijana wangu ameniuliza."

"Amekuuliza nini, Mama?"

"Kile hakuna mtu ameniuliza tangu nikuje. Ameniuliza nataka kukaa wapi. Nimemwambia Malava. Dada yangu ako hapo kwa uzio, na yeye hana mtu. Mchana tutakaa pamoja tukigombana."

Dorothea alikuwa amesimama katikati ya chumba. Akaketi.

"Hilo ni jambo jema sana, Mama," alisema, na alimaanisha.

"Na wewe? Mchana utaongea na nani?"

"Nina kazi yangu, Mama. Nasikiliza watu kutwa nzima."

"Hao hawakujibu," Mama Bilha alisema. "Kazi haiitiki, mwanangu."

Christopher alichukua likizo, akamsindikiza mama yake. Jumatano ya kwanza ya wazee ilipofika, Mama Bilha alikuwa ameshaondoka. Alipiga simu mara moja kutoka Malava. Kwake ilikuwa jioni, kwa Dorothea mchana. Nyuma yake kulikuwa na watoto, kuku, na mwanamke mwingine anayeongea kwa wakati mmoja naye, na Dorothea alisikia nusu tu. Lakini alisikia kicheko. Simu ikakatika. Alijaribu kupiga, haikupatikana. Baadaye simu zikawa za nadra, kama zinavyokuwa simu za watu wenye watu.

Rekodi nyingine zilikuja. Moja ilikuwa ya mabwana watano wakijadili bei ya mbolea. Dorothea aliwasikiliza wote, sehemu ya maswali nayo aliisikiliza mpaka mwisho, akawaandikia sentensi zao. Kazi ilitoka vizuri. Alipoituma alibaki na mikono juu ya meza, na mashine ya joto ikaendelea kunguruma, na akaona kwamba ni saa sita tu.

Jumatano moja alivaa koti, akaendesha gari mpaka Lanham. Njiani alijiambia anapeleka kalamu ya Queen iliyosahaulika mkobani mwake, ingawa kalamu ile ilikuwa ya kutupa.

Ukumbi ulikuwa na wazee wachache kuliko viti. Mzee mmoja wa Kikongo alikuwa anawafundisha wenzake mchezo wa karata na kuwakosoa kwa Kiswahili chenye Kifaransa ndani. Bibi wawili wa Kikalenjin walikuwa wanamenya viazi ambavyo hakuna aliyewaomba kuvimenya. Joto la ukumbi lilikuwa halijakolea, na watu walikuwa na makoti yao. Dorothea alisimama mlangoni, akiwatambua wawili kwa sauti zao, na wao hawakumtambua.

Mama mmoja wa kujitolea, Jelagat, alimjia na daftari la mahudhurio kifuani. "Karibu, karibu sana. Umemleta nani leo?"

Dorothea aliangalia nyuma yake, kama vile labda kweli kuna mtu amemleta. Barabara ilikuwa tupu.

"Sijamleta mtu," alisema. "Nimekuja mwenyewe."

Jelagat alimtazama, nywele ambazo hazijawa nyeupe zote, mkoba wa kazi begani. Kisha akavuta kiti kwenye meza ya viazi, akakipangusa kwa kiganja.

"Basi kaa hapa," alisema. "Hawa wanahitaji mtu wa kisu cha tatu."